Praktiko ya titresheni: leja inasema bureti 14, mezani zinafanya kazi 11

Naandika jinsi ya kuandaa orodha ya vifaa na solusheni za praktiko ya kemia, na natumia kesi moja tu humu: titresheni ya HCl 0.1M na Na2CO3 0.05M, indiketa metili oranji (MO), kidato cha 3, wanafunzi 46, vipindi 2 vilivyoungana, yani dakika 80. Nimeichagua hii kwa sababu ndo praktiko inayoumbua orodha mbovu haraka kuliko zote. Ukikosea hesabu ya vifaa watoto wanakwama dakika ya 10, ukikosea hesabu ya solusheni wanakwama dakika ya 50, na ukitoa kifaa kibovu hawakwami kabisa, wanamaliza vizuri tu afu wanakuletea majibu ya ajabu na wewe ndo unabaki unakuna kichwa.

Nitaenda kwa dalili, kwa mpangilio ule ule ambao huwa zinajitokeza siku yenyewe.

"Ticha, sisi hatuna bureti"

Hii ndo ya kwanza na inakera kwa sababu jana yake ulihesabu na zilikuwepo. Ukicheki alivyohesabu mtu utakuta alifanya hivi: wanafunzi 46, kundi la watu 4, 46 gawa kwa 4 ni 11.5, basi makundi 12. Akafungua leja, bureti 14, akafunga leja, akaenda kunywa chai. Kwenye karatasi zinabaki 2 za akiba, raha kabisa.

Shida ni kwamba leja inahesabu vioo, haihesabu bureti zinazofanya kazi. Sisi tulipozijaza maji zile 14 tukakuta 2 zinavuja kwenye koki na 1 koki yake imeganda haizunguki kabisa. Zinabaki 11. Kwa hiyo makundi 12 hayapo, na hata ukisema makundi 11 bado hujasalimika kwa sababu hamna hata moja ya akiba, ikipasuka moja dakika ya 15 kundi zima linakuwa watazamaji.

Kwa hiyo hesabu inageuzwa. Usianze na wanafunzi, anza na kifaa kilicho kichache zaidi kati ya vile ambavyo kundi haliwezi kuchangia na wenzao, hesabu vizima tu, toa kimoja cha akiba, kinachobaki ndo idadi ya makundi. Kwetu bureti nzima 11, toa 1, makundi 10. Wanafunzi 46 kwenye makundi 10 inatoka makundi 6 ya watu 5 na makundi 4 ya watu 4 (30 jumlisha 16). Watu 5 ni wengi kidogo, nakubali, lakini kundi la 5 lenye bureti nzima linafanya kazi kuliko kundi la 3 lenye bureti inayotoa machozi.

Afu cheki na pipeti kabla hujafurahi. Mara nyingi tunaangalia bureti tu kumbe kinachobana ni pipeti fila, zile mpira za kuvutia. Ukiwa na pipeti 15 na fila 6, huwezi kuvuka makundi 6, achilia mbali 15, maana kuvuta kwa mdomo siruhusu, hata kama sisi wenyewe tulifundishwa hivyo. Njia ya kujiokoa ni sirinji ya ml 20 au zaidi unaiunga na kipande kifupi cha mpira laini unaobana vizuri kichwa cha pipeti, unavuta polepole mpaka juu ya alama, unachomoa na kuziba kwa kidole. Inafanya kazi, ila ijaribu mwenyewe kwanza, mpira ukiwa umelegea hewa inaingia na solusheni inashuka kabla mtoto hajaweka kidole.

Trei ya kundi moja kwetu inakuwa na hivi:

bureti 1 ya ml 50, pipeti 1 ya ml 25 na fila yake, stendi na klampu yake, konikali 2 (3 kama zipo), bika 2 za ml 250 zilizoandikwa ASIDI na BESI, bika 1 ya uchafu, faneli ndogo 1, taili nyeupe au karatasi nyeupe, chupa ya maji yaliyokenekwa, kitambaa.

MO haikai kwenye trei. Hiyo ni ya kuchangia, chupa 1 yenye dropa kwa makundi 2, kwa hiyo chupa 5. Na miwani ya kinga haihesabiwi kwa kundi wala kwa kuchangia, inahesabiwa kwa kichwa. Ukichanganya hizi aina 3 za hesabu, kwa kundi, kwa kuchangia na kwa kichwa, ndo unakuta orodha imeandikwa "miwani 10" na watoto 36 hawana kitu usoni wakati wanamimina asidi.

Kitu kingine cha kukumbuka hapa, kwenye mtihani wa taifa wa vitendo hamna kundi, kila mtahiniwa ana seti yake, kwa hiyo orodha ya somo huwezi kuikopi ukaipeleka mtihanini. Pale kifaa kichache kinaamua idadi ya awamu za kuingia, si idadi ya makundi.

Solusheni inaisha kabla ya jaribio la 3

Hapa mtu alipiga hesabu ya pipeti tu. Kila kundi linafanya jaribio 1 la kukisia na 3 za ukweli, kwa hiyo 4 mara ml 25 ni ml 100 za besi, mara makundi 10, lita 1. Akatengeneza lita 1 kamili, dakika ya 45 makundi 3 wanakuja na bika tupu.

Kilichosahaulika ni kusuuza. Pipeti inasuuzwa na besi yenyewe mara 2, kama ml 10 kila mara, hiyo ni 20. Pia pipeti haiwezi kuvuta mpaka tone la mwisho la bika, ikifika chini inavuta hewa, kwa hiyo kama ml 30 zinabaki pale pale hazitumiki. 100 na 20 na 30 ni ml 150 kwa kundi. Mara 10 ni ml 1500. Ongeza ml 150 zako wewe za kujaribu siku moja kabla (hii nitairudia chini, usiiruke), inakuwa 1650. Ongeza 15 kwa 100 ya kumwaga, maana watamwaga, unafika karibu ml 1900. Tengeneza lita 2.

Asidi inakuja hapo hapo, ml 100 za kuchuruzisha, ml 20 za kusuuza bureti, na nyingine inabaki kwenye bureti na kwenye mdomo wa chini, tuseme 150 kwa kundi. Lita 2 pia.

Gramu na mili zinatoka hivi. Na2CO3 isiyo na maji ni gramu 106 kwa moli, kwa hiyo 0.05M ni gramu 5.3 kwa lita, lita 2 ni gramu 10.6. HCl ya chupani, ile iliyoandikwa asilimia 36 na densiti 1.18, ina kama moli 11.6 kwa lita, kwa hiyo lita 2 za 0.1M zinahitaji moli 0.2, sawa na ml 17.2. Weka maji kwanza kwenye chombo, asidi juu yake, polepole, ukiwa dirishani au nje.

Na maji yenyewe! Nimeona orodha imejaa kila kitu, maji yaliyokenekwa yameandikwa "lita 3", maana yake ml 300 za kusuuza kwa kila kundi, sawa, lakini lita 4 za kutengenezea zile solusheni zinatoka wapi? Kwa makundi 10 usishuke chini ya lita 8.

Kama hata baada ya hesabu hii bado zinaisha, angalia wanakosuuzia. Kuna kundi huwa linasuuza konikali kwa besi "ili iwe safi", hao wanakula solusheni na pia wanaharibu jibu, nakuja huko.

Majibu hayafanani: kundi moja au wote?

Hili ndo swali la kwanza la kujiuliza kabla hujamlaumu mtu yeyote. Solusheni ni moja kwa darasa zima, vifaa ni vya kila kundi peke yake. Kwa hiyo kundi 1 likiwa tofauti na wenzake 9, tatizo liko kwenye trei yao au mikononi mwao. Wote 10 wakikosea kuelekea upande mmoja, tatizo liko kwenye ndoo yako wewe uliyeandaa. Jibu linalotakiwa kwa kesi yetu ni ml 25 za asidi kwa ml 25 za besi, maana Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2, moli 0.00125 za besi zinataka moli 0.0025 za asidi.

*Kundi 1 lina 20.1, wengine wako 25.0 mpaka 25.2.* Hii niliwahi kuhangaika nayo kipindi kizima. Nikakagua koki, nikakagua mapovu, nikawaambia warudie, wakarudia, 20.0. Nikawaambia hamjui kusoma bureti. Kumbe walikuwa sahihi kabisa, pipeti yao ilikuwa ya ml 20, imechanganyika kwenye boksi la za 25 na maandishi yamefutika kwa kuoshwa miaka. 20 gawa kwa 25 ni 0.8, na jibu lao gawa kwa la wenzao ni 0.8. Ukiona uwiano huo usitafute kingine, chukua pipeti yao uilinganishe na nyingine. Niliwaomba radhi wale vijana mbele ya darasa, walifurahi sana.

Kama huna uhakika na pipeti isiyo na maandishi ipime kwa mizani: pima bika kavu, ijaze pipeti maji mpaka alama, shusha humo, pima tena. Ya 25 inatoa kama gramu 24.9, ya 20 kama gramu 19.9. Kipimo hiki kinakamata pia pipeti iliyovunjika ncha, ile inashusha haraka kuliko wenzake na uzito wake unarukaruka ukirudia.

*Kundi 1 liko juu, tuseme 26 na zaidi.* Hapa kuna vyanzo 4 na vinatofautishwa kwa jinsi namba zinavyokaa. Kama jaribio la kwanza tu ndo liko juu na zinazofuata zimetulia, kulikuwa na povu la hewa kwenye mdomo wa chini wa bureti, limetoka katikati ya kazi na bureti ikahesabu nafasi yake kama asidi. Kama la kwanza na la pili ziko juu afu zinashuka kidogo kidogo kila bureti inapojazwa upya, bureti ilisuuzwa kwa maji peke yake, maji yaliyobaki ndani yamepunguza nguvu ya asidi ya mwanzo. Kama zote ziko juu na hazifanani, 25.8, 27.1, 26.3, shika konikali yao uulize walisuuza na nini, kama ni besi basi kila mara kuna besi ya ziada isiyopimwa. Na kama ziko juu na stendi yao imelowa chini, koki inavuja, angalia kabla hujauliza chochote.

*Kundi 1 liko chini kidogo, 24 na pointi.* Pipeti imesuuzwa kwa maji badala ya besi, au faneli imeachwa juu ya bureti na inadondosha tone moja moja wakati wanasoma. Faneli ni ya kujazia tu, ikimaliza inatoka. Na kuna kosa la macho: bureti sifuri yake iko juu, mtoto aliyezoea silinda anasoma kutoka chini, 25.4 inakuwa 26.6 kwake, na akisoma mwanzo hivyo hivyo jibu linaweza kushuka. Mwambie asome mbele yako mara moja utajua.

*Wote wako 9.3 hivi.* Usipige kelele darasani, rudi stoo ukasome chupa. Umetumia fuwele za Na2CO3·10H2O, zile zenye maji ndani, ukapima gramu za ile isiyo na maji. Ile yenye maji ni gramu 286 kwa moli, kwa hiyo gramu 5.3 kwa lita zinakupa 0.0185M tu badala ya 0.05M, na jibu linakuwa ml 9.3. Ukilijua siku moja kabla, tiba ni rahisi: kwa lita 2 ulitakiwa gramu 28.6, umeshaweka 10.6, ongeza 18, koroga, jaribu tena. Fuwele za zamani zilizokauka na kuwa unga mweupe juu ni balaa zaidi, zimepoteza maji nusunusu na huwezi kujua kiasi gani, hizo usizitumie kwa solusheni ya kipimo.

*Wote wako 12.5.* Mtu ameweka POP, yani indiketa ya fenolfthalini, badala ya MO. Kwa kabonati POP inageuka nusu ya safari, pale kabonati inapokuwa haidrojeni kabonati, kwa hiyo unapata nusu kamili ya jibu. Rangi ingekuambia: POP inatoka pinki kwenda kutokuwa na rangi, MO inatoka njano kwenda chungwa, na ukizidisha inakuwa pinki nyekundu. Chupa zile ndogo za kahawia zinafanana, na lebo za karatasi zinaliwa na asidi, andika kwa maka moja kwa moja kwenye kioo.

*Wote wako 27 au 28.* Asidi yako ni dhaifu kuliko unavyodhani. HCl kali ni gesi iliyoyeyushwa kwenye maji, chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kizibo kimelegea imeshapungua nguvu, ile 11.6 ya kwenye lebo haipo tena. Ukipata 27.5 basi asidi yako ni 0.0025 gawa kwa 0.0275, yani 0.091M. Huna haja ya kuimwaga. Badilisha swali: wape molariti ya besi waambie watafute ya asidi, somo linaenda vizuri tu na jibu lako unalo mfukoni.

*Wote wako 26.* Hii inasumbua shule zinazotumia maji ya kisima. Maji ya chumvi ya kisima mengi yana baikabonati, yanakula asidi kabla hata hujaanza. Jaribu: weka ml 50 za hayo maji kwenye konikali, matone 2 ya MO, churuzisha asidi yako ya 0.1M. Tone moja mawili yakibadilisha rangi, maji ni salama. Yakihitaji ml 1 kamili, ujue hayo maji yamepunguza asidi yako kutoka 0.100 kwenda 0.098 na yameongeza nguvu ya besi kwa kiasi hicho hicho, ukipiga hesabu jibu linahama kutoka 25.0 kwenda 26.0. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi baada ya bati kuoshwa na mvua ya mwanzo ni bora mara nyingi kuliko ya kisima, ila nayo yapitishe kwenye jaribio hilo hilo.

Sasa ndo unaona kwa nini nilisema tenga ml 150 zako. Jaribio 1 la kwako, siku moja kabla, kwa solusheni zile zile za ndoo, linakamata 9.3, 12.5, 26 na 27 zote kabla mtoto hajaingia. Kinachobaki siku ya kipindi ni matatizo ya kundi moja moja tu, na hayo unayatibu ukiwa umesimama.

Bureti ilikuwa nzima asubuhi, mkondo B wanasema inavuja

Hapa orodha inahitaji namba. Ukiandika "bureti 10" huwezi kujua ipi. Sisi tumeziandika B1 mpaka B14 kwa rangi ya kucha, juu kabisa karibu na mdomo, haitoki kwa maji wala asidi hafifu (ile ya elfu moja dukani inatosha bureti zote na pipeti). Trei namba 4 inaenda na B6, imeandikwa, na kundi la 4 la mkondo A na kundi la 4 la mkondo B wote wanaipokea hiyo hiyo.

Jaribio la kuvuja kabla ya kutoa ni hili: funga koki, jaza maji mpaka sifuri, futa nje pawe pakavu kabisa hasa kuzunguka koki na ncha, iache wima dakika 10. Ikishuka hata mstari mmoja mdogo au ukikuta tone kwenye ncha, haitoki stoo. Watu wengi wanaangalia dakika 1 wanaondoka, koki inayovuja polepole haionekani kwa dakika 1 lakini kwenye kipindi cha dakika 80 inaonekana vizuri sana.

Koki ya kioo inayovuja: itoe, ifute ikauke pande zote, paka vaselini kidogo kama utepe mwembamba kwenye sehemu 2 pembeni ya tundu, usipake kwenye tundu lenyewe litaziba, rudisha, zungusha mpaka ing'ae. Koki nyeupe ya plastiki laini haipakwi kitu, inakazwa nati yake ya pembeni, robo mzunguko tu. Zile bureti za mpira na kibano, tatizo huwa mpira umechakaa, kata kipande kipya. Na kila koki ibaki na bureti yake, koki za kioo zimesagwa kwa ajili ya bureti moja, ukizichanganya wakati wa kuosha umetengeneza bureti 2 zinazovuja kutoka kwenye 2 nzima. Hivi ndivyo B6 yetu iliharibika kati ya mkondo A na B, wakati wa kusafisha haraka haraka mtoto aliweka koki zote kwenye bika moja.

Ile iliyoganda kati ya zile 14 ilikuwa imewekwa NaOH kipindi fulani ikaachwa usiku. Besi inakula kioo pole pole na kugandisha koki, ndo maana kwenye bureti ya koki ya kioo tunaweka asidi juu na besi chini kwenye konikali. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, jaribu kuzungusha kwa mkono kila baada ya muda, usichukue koleo. Yetu ilichukua siku 3 ikaachia.

Hesabu ya kurudi imekamilika, lakini wiki ijayo vifaa ni vibovu

Vimerudi 10 vimehesabiwa 10, kila mtu kasaini. Hamna aliyeangalia hali yake. Karatasi yetu ya trei sasa ina nafasi 2 kwa kila kifaa wakati wa kurudi: kipo, na kinafanya kazi. Ni mistari michache tu, kiongozi wa kundi anajaza mbele ya fundi maabara, na inaanza dakika 15 kabla ya kengele, si baada ya kengele, maana baada ya kengele utabaki na trei 10 na watoto 0.

Vitu vya kuangalia kwenye kurudi si vingi. Pipeti, pitisha macho kwenye ncha kwa mwanga, mpasuko mdogo unaonekana kama nywele. Bureti, zungusha koki mara moja, fungua, suuza kwa maji ya bomba afu yaliyokenekwa, itundike kichwa chini koki ikiwa wazi. Fila, ibonyeze uone inarudi, solusheni ikiingia ndani ya mpira ioshwe siku hiyo hiyo la sivyo inanata. Klampu, skrubu zote 2 zipo? Zile skrubu zinapotea kuliko kitu chochote labuni na stendi bila skrubu ni nondo tu. Bureti na pipeti usizikaushe kwenye oveni, zikauke zenyewe kwenye kivuli.

Chupa za MO zikirudi angalia kiasi pia. Matone 3 kwa jaribio, majaribio 4, makundi 10, ni matone 120, kama ml 6 hivi. Ukikuta zimepungua ml 20 ujue kuna watu waliweka dropa nzima, na hao ndo waliokuambia rangi ya chungwa hawaioni.

Kifaa kilichovunjika kiandikwe siku hiyo hiyo kwa namba yake na kitolewe kwenye hesabu ya vizima, hata kama leja ya mkuu wa shule itasubiri mwisho wa muhula. Sisi tuna karatasi moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati: bureti nzima, pipeti 25 nzima, pipeti 20 nzima, fila nzima, klampu zenye skrubu. Leo asubuhi bureti imesoma 12, maana ile iliyoachia imerudi kazini, B6 imepata koki yake, na moja ya zile zilizokuwa zinavuja imepona kwa vaselini huku moja ya zile nzima ikipasuliwa na mkondo B. Kwa hiyo kipindi kijacho makundi 11.